Programu imekataliwa kwa sababu ya SMS: dalili, chanzo na njia za kupita

Chukua ghala la mahindi sokoni Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mnunuzi anapakia gunia 20, kila gunia Sh 74,000, analipa Sh 1,480,000 kwa simu. Meseji ya malipo inaingia kwenye laini ya ghala, karani anaisoma, anaandika daftarini, kisha anamtumia mnunuzi meseji ya kuthibitisha. Fundi wa programu anaombwa aondoe usumbufu huo, naye anatengeneza programu ya simu yenye kazi tatu: inasoma meseji za malipo na kuziingiza kwenye hesabu, inamtumia mnunuzi risiti kwa SMS, na karani anapoingia kwenye akaunti yake inajisomea yenyewe namba ya uthibitisho. Kwenye simu ya fundi kila kitu kinakwenda. Akiipeleka Google Play, inarudishwa.

Mafundi wengi hapo huanza kubishana na duka. Ni afadhali kwanza kuangalia ile ruhusa inatoa nini hasa, kwa kuwa jibu la karibu kila tatizo hapa chini linatoka humo.

Android haina ruhusa ya kusoma meseji za malipo peke yake. Ukiomba `READ_SMS` unapewa sanduku zima: za malipo, za benki, namba za uthibitisho, za mke na za watoto. Tena ruhusa za SMS zimewekwa kundi moja. Mtumiaji anaulizwa swali moja tu, kama programu iruhusiwe kutuma na kuona SMS, na akikubali, kusoma, kupokea na kutuma vinafunguka pamoja ikiwa programu imeviomba vyote. Kwa mtu wa Tanzania, laini ya simu ndiyo pochi na mara nyingi ndiyo benki. Programu mbaya yenye ruhusa hiyo inaweza kuomba kubadilisha nywila ya akaunti yako, ikasoma namba ya uthibitisho inayokuja, ikaituma kwa tapeli, nawe hujagusa kitu. Inaweza pia kutumia salio lako kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa jina lako na laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole.

Ndiyo maana Oktoba 2018 Google ilitangaza sera mpya, na mapema 2019 ikaanza kuziondoa dukani programu zisizoifuata. Kwa kawaida ruhusa za SMS hupewa programu ambayo mtumiaji ameichagua kuwa programu kuu ya meseji kwenye simu yake. Nyingine zinaingia kwa msamaha, kwa kujaza fomu ya tamko na kuonyesha kwamba bila SMS kazi yake kuu haipo. Waliopata nafasi hiyo ni kama programu za kuhifadhi nakala za meseji, za kufuatilia matumizi ya fedha kupitia meseji, na zile za kuendesha simu kwa masharti anayoyapanga mtumiaji mwenyewe. Programu ya ghala kazi yake kuu ni kuhesabu magunia, na meseji ni urahisi wa pembeni. Fomu haitaisaidia, na kuijaza kwa kuzungushazunguka ni kupoteza wiki kadhaa.

Dalili: umeondoa msimbo wa SMS, bado inarudishwa

Hili linawachosha watu kuliko yote, na sababu zake huwa mbili.

Ya kwanza ni maktaba ya msimbo uliyoikopa. Wewe umefuta mistari yako, lakini maktaba ya malipo au ya matangazo ina `AndroidManifest.xml` yake, na wakati wa kujenga programu mafaili hayo yanaunganishwa. Duka linasoma lililounganishwa. Usiangalie faili ulilolifungua kwenye kihariri. Angalia lililomo ndani ya APK yenyewe:

```
aapt2 dump permissions app-release.apk
```

Ukiona `android.permission.READ_SMS`, `RECEIVE_SMS` au `SEND_SMS`, fungua ripoti ya kuunganisha iliyoko kwenye `app/build/outputs/logs/`, faili linaloanza na `manifest-merger`. Tafuta jina la ruhusa, na karibu yake utaona jina la maktaba iliyoileta. Kama huwezi kuiacha maktaba hiyo, ifute ruhusa wakati wa kuunganisha:

```xml
<uses-permission
    android:name="android.permission.READ_SMS"
    tools:node="remove" />
```

Kumbuka kuweka `xmlns:tools="http://schemas.android.com/tools"` kwenye mstari wa juu wa `manifest`, la sivyo ujenzi utakataa. Kisha jaribu sehemu ya programu inayotumia maktaba hiyo, maana ikijaribu kusoma SMS bila ruhusa inaweza kuanguka.

Sababu ya pili ni matoleo ya zamani. Duka linaangalia matoleo yote yaliyo hai, pamoja na lile ulilowapa watu watano wajaribu miezi sita iliyopita ukalisahau. Pita kila njia ya majaribio kwenye Play Console, na kila palipo na toleo la zamani lenye ruhusa, weka jipya juu yake kwa watumiaji wote. Ukilisambaza kwa asilimia 20 tu, la zamani bado liko hai na kosa linabaki.

Dalili: umeiweka kwa APK, lakini ruhusa ya SMS imefifia na haigusiki

Fundi aliyekataliwa dukani mara nyingi huamua kutuma APK kwa WhatsApp, karani akaifungua kwenye simu yake. Karani akienda kwenye mipangilio anaambiwa ni mpangilio uliozuiwa. Hilo nalo ni la makusudi. Kuanzia Android 13 programu iliyotoka nje ya duka huzuiwa kusoma arifa na kutumia huduma ya ufikivu mpaka mwenye simu aifungulie kwa mkono. Kwenye Android 15 kizuizi kimefika hadi kwenye ruhusa ya SMS.

Kama simu ni ya ghala na programu ni ya ghala, hakuna ubaya kuifungulia. Jaribu kwanza kuiwasha ruhusa ili simu ikukatalie, kisha ingia kwenye ukurasa wa taarifa za programu hiyo, gusa vitone vitatu juu kulia, chagua `Allow restricted settings`, weka namba ya siri ya simu, rudi uiwashe. Ukienda kwenye vitone kabla ya simu kukataa, mara nyingi chaguo hilo hulioni, na watu hudhani simu yao haina.

Play Protect ni kikwazo kingine. Katika nchi kadhaa, Kenya na Nigeria zikiwemo, Google iliifanya izuie kabisa usakinishaji wa programu inayoomba kusoma SMS ikiwa imepakuliwa kwenye kivinjari au kutumwa kwa meseji. Usimfundishe karani kuzima Play Protect. Simu yenye laini ya kupokelea fedha ndiyo ya mwisho kuachwa bila ulinzi. Fundi aliyeko na simu mkononi anaweza kuisakinisha kwa waya:

```
adb install ghala.apk
```

Njia hii inafaa kwa simu moja au tatu mnazozishika wenyewe. Ukianza kuwaelekeza wateja 200 wafungue vizuizi, unawazoesha hatua zile zile atakazowaelekeza tapeli kesho.

Dalili: umehamia kusoma arifa, na baadhi ya malipo hayaonekani

Kusoma arifa ndiyo njia ya mkato inayopendwa: programu inaomba `NotificationListenerService` badala ya SMS, inasubiri arifa ya meseji itokee juu ya kioo, inachukua maandishi. Inafanya kazi, lakini ina matundu, na kila tundu lina dalili yake.

Malipo yakikosekana wakati karani alikuwa amefungua mazungumzo ya mtandao husika, chanzo ni kwamba meseji ikiingia kwenye mazungumzo yaliyo wazi, simu haitoi arifa. Hakuna dawa upande wa programu. Malipo mawili yakiingia ndani ya sekunde chache na ukapata moja, ni kwa sababu arifa ya pili imeandikwa juu ya ya kwanza. Soma orodha ya meseji iliyo ndani ya arifa, `EXTRA_MESSAGES`, usitegemee mstari wa mwisho tu. Malipo yale yale yakiingia mara mbili, ni arifa iliyotolewa upya. Tumia kumbukumbu namba ya muamala kama ufunguo, na ikirudi usiiandike tena.

Ukiona badala ya maandishi kumekuja tangazo kwamba maudhui ya arifa yamefichwa, simu ni ya Android 15 au zaidi, na mfumo umeona kitu kinachofanana na namba ya uthibitisho. Meseji ya malipo yenye tarakimu nyingi inaweza kudhaniwa hivyo.

Lile linalotokea zaidi kwenye simu za bei ya kawaida zilizojaa masoko yetu ni hili: asubuhi inasoma vizuri, mchana imekaa kimya, ukiifungua inaamka. Simu imeiua programu kuokoa betri. Ingia kwenye betri ya programu hiyo, ondoa kikomo, kisha tafuta ruhusa ya kujiwasha yenyewe, ambayo kwenye simu nyingi imefichwa ndani ya programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo kiwandani. Jipime hivi: zima kioo, iache simu saa mbili, tuma Sh 500 kutoka laini nyingine, uone kama imesomwa bila kuigusa.

Dalili: hesabu zinaonyesha fedha ambazo hazipo

Hapa ndipo tunaposimama kwa muda, kwa sababu hasara yake ni ya magunia yaliyokwisha kuondoka kwenye lori.

Programu inayosoma neno "Umepokea" na kiasi kinachofuata itamwamini mtu yeyote anayejua kuandika. Mnunuzi asiye mwaminifu ananakili meseji ya malipo ya jana, anabadilisha kiasi na kumbukumbu namba, anaituma kutoka laini yake ya kawaida. Karani mwenye macho angeona imetoka kwenye namba ya mtu. Programu haioni mpaka uiambie iangalie mtumaji. Na hata jina la mtumaji si ushahidi wa mwisho, kwani majina ya watumaji kwenye SMS yanaweza kughushiwa. Kwenye arifa ni hafifu zaidi: unachopata ni jina lililoonyeshwa, na namba iliyohifadhiwa kwenye simu kwa jina la mtandao itaonekana vilevile.

Tiba ni kuacha kuichukulia SMS kuwa chanzo cha taarifa ya malipo. SMS ni nakala anayotumiwa binadamu ili aisome, na muamala wenyewe uko kwenye mfumo wa mtandao. Kwa ghala letu njia iliyonyooka ni kuunganisha na mfumo wa malipo moja kwa moja. Vodacom Tanzania ina M-Pesa Open API, na zipo kampuni za kuunganisha malipo, Selcom ikiwa mojawapo, zinazokuwezesha kupokea kutoka mitandao kadhaa kwa mkataba mmoja. Andaa nyaraka za biashara kama TIN na leseni, na anza kwenye mazingira ya majaribio kabla ya fedha halisi.

Mtiririko unabadilika kidogo. Karani anaandika namba ya mnunuzi na Sh 1,480,000 kwenye programu. Seva ya ghala inatuma ombi kwenye mfumo wa malipo. Mnunuzi anaona kwenye simu yake ombi la kuweka namba ya siri, anaiweka, na seva inapokea jibu lenye kiasi na kumbukumbu namba. Hakuna SMS iliyosomwa popote, na hakuna mtu wa kughushi jibu hilo kwa kuandika meseji.

Kinachoharibika mara nyingi hapa ni jibu kuchelewa. Mnunuzi yuko mahali penye mtandao dhaifu, ombi linaisha muda, karani anabonyeza tena, mnunuzi anakatwa mara mbili. Sheria ya programu iwe hii: ombi likikosa jibu, uliza kwanza hali ya muamala kwa kumbukumbu ile ile, na kitufe cha kutuma tena kifungwe mpaka jibu lije. Mnunuzi akilipa mwenyewe kwenye Lipa Namba bila kupitia ombi lako, seva haitajua isipokuwa mtoa huduma amekuwekea taarifa ya kuja kwenye anwani ya seva. Liulize hilo kabla ya kusaini. Na kila jioni linganisha hesabu za programu na taarifa ya miamala ya mtandao, mstari kwa mstari.

Upande wa kutuma: risiti haziendi, au salio linaisha haraka

Kwa risiti chache, huhitaji ruhusa yoyote. Programu inafungua programu ya meseji ya simu ikiwa na namba na maneno tayari, karani anabonyeza kutuma:

```kotlin
val i = Intent(Intent.ACTION_SENDTO,
    Uri.parse("smsto:$namba"))
i.putExtra("sms_body", ujumbe)
startActivity(i)
```

Kubonyeza mara moja kwa kila lori si mzigo, na duka halina neno. Kwenye iPhone hali ni hiyo hiyo: programu inaweza kuandaa meseji, mwenye simu ndiye anayeituma, na kusoma sanduku haliruhusiwi kabisa.

Ukijaribu kutuma kwa wingi kutoka laini ya kawaida, Android yenyewe hukusimamisha ikiona meseji kama 30 zimetoka kwa muda mfupi, na mwenye simu asiporuhusu ziendelee, msimbo hupata `RESULT_ERROR_LIMIT_EXCEEDED`. Kwa wingi huo nenda kwa watoa huduma wa SMS za biashara kama Beem Africa au Africa's Talking. Seva yako inawapa namba na ujumbe, mnunuzi anaona jina la ghala badala ya namba. Jina hilo la mtumaji haliwezi kuzidi herufi 11 na linahitaji kusajiliwa kabla. Meseji zikionyesha zimetumwa lakini hazifiki kwenye mtandao mmoja tu, uliza kwanza kama jina limeidhinishwa kwenye mtandao huo.

Salio likiisha haraka kuliko idadi ya risiti, angalia alama ya ng'. Meseji moja hubeba herufi 160 ikiwa zote ziko kwenye seti ya kawaida ya simu, na Kiswahili chote kimo humo, pamoja na alama iliyonyooka kwenye Ng'humbi. Lakini ukinakili maneno kutoka programu ya uandishi, alama hiyo huwa imepinda, ’, nayo haimo. Herufi moja hiyo inabadilisha meseji nzima kwenda mfumo mwingine ambapo nafasi ni 70, au 67 kwa kila kipande zikiwa zaidi ya kimoja. Risiti ya herufi 150 iliyokuwa meseji moja inageuka tatu. Badilisha alama kabla ya kutuma:

```kotlin
val safi = ujumbe.replace('\u2019', '\'')
```

Namba ya uthibitisho haijazwi yenyewe

Kwa kazi hii Google imetoa SMS Retriever, isiyohitaji ruhusa. Inakukabidhi meseji moja tu, ile iliyoandikwa kwa ajili ya programu yako. Ikikaa kimya, karibu kila mara kosa liko kwenye herufi 11 za utambulisho zinazowekwa mwisho wa meseji. Herufi hizo hutokana na ufunguo uliotia saini programu. Ukiweka za ufunguo wa kompyuta yako, majaribio yatapita, kisha ikitoka dukani haisomi kitu, kwa sababu Google Play huitia saini upya kwa ufunguo mwingine. Chukua utambulisho kutoka toleo lililopakuliwa dukani. Meseji isizidi baiti 140, na isubiriwe ndani ya dakika 5.

Kama huwezi kubadilisha maandishi ya meseji kwa sababu inatumwa na mtu mwingine, tumia SMS User Consent. Yenyewe humwonyesha karani meseji hiyo na kumwomba akubali isomwe. Itakaa kimya ikiwa namba iliyotuma imehifadhiwa kwenye majina ya simu, kwa hiyo ukijaribu kwa kutumia laini ya rafiki uliyemhifadhi, hutaona chochote.